Jukwaa linasema "Completed", benki inasema haijaona kitu: dola zako zimekwama wapi?

Wiki hii kijana mmoja wa Dodoma anayetafsiri nyaraka kwa wateja wa nje kupitia jukwaa la kazi za mtandaoni aliniandikia: "Kaka, nimetoa hela tangu wiki iliyopita. Kwenye jukwaa imeandikwa Completed, benki wanasema hawajaona kitu. Nimeibiwa?" Nilimjibu usiku uleule, maana hilo swali la mwisho najua linavyouma. Mimi niliwahi kuambiwa kwenye kaunta ya tawi moja hapa Mwanza, mbele ya foleni nzima, "Mdogo wangu, hao wazungu wamekutapeli, usipoteze muda." Hela ile niliipata kwa kuhariri video za mteja usiku na mchana. Hakuna aliyekuwa amenitapeli. Zilikuwa zimekaa ndani ya benki ileile, ila yule bwana wa kaunta hakuwa na pa kuziona.

Nilikuwa nimetoa dola 640. Jukwaa likakata ada yake ya 30, zikatumwa 610. Akaunti niliyoandika ilikuwa ya shilingi, niliyopewa na benki yenyewe baada ya kuwaeleza kwamba nitapokea malipo kutoka nje. Kumbe kuna benki zinazopokea dola kwenye akaunti ya shilingi na kuzibadilisha zenyewe kwa bei yao ya siku, na kuna benki ambazo mfumo wao unakataa: sarafu ya malipo haifanani na sarafu ya akaunti, basi hela zinawekwa kando kwenye kitengo cha malipo ya nje huko makao makuu. Mhudumu wa tawini anaangalia akaunti yako tu. Haoni kitu, naye anakuambia hakuna kitu. Baadaye kitengo kikazirudisha zilikotoka, na kwenye jukwaa zikafika 565. Benki ya njiani ilikata 20 wakati wa kuja, na nyingine 25 zikakatwa wakati wa kurudi. Ile ada ya jukwaa haikurudishwa.

Hiyo benki ya njiani ndiyo wengi hatuijui, na ndiyo inayoamua mambo mengi. Dola hazisafiri kuja Mwanza. Benki yako ina akaunti yake ya dola kwenye benki nyingine kubwa, mara nyingi ya New York, na malipo yako yanaingizwa humo kwanza. Kisha benki yako inapata ujumbe kupitia mtandao wa SWIFT kwamba kiasi fulani ni cha mteja fulani, ndipo inakuwekea kwenye akaunti yako. Kwenye fomu ya kutolea hela utaikuta kama "Intermediary bank" au "Correspondent bank". Ukiiacha wazi, benki ya mtumaji inachagua njia yenyewe. Wakati mwingine inapatia. Ikichagua benki ambayo benki yako haina akaunti, hela zinasimama hapo zikisubiri maelekezo mapya, au zinarudi.

Hilo nalo lilinikuta. Nikafungua akaunti ya dola, nikapewa karatasi ya maelekezo ya kupokea fedha za kigeni, nikayajaza kwenye jukwaa neno kwa neno. Karatasi ilikuwa ya zamani. Benki ilishabadilisha benki yake ya New York, tawini hawakuwa wameletewa mpya. Niliumia sana kwa sababu safari hii nilifanya kila kitu walichonielekeza, na bado nikaonekana msumbufu. Kilichoniokoa ni mhudumu mmoja wa jukwaa aliyenitumia namba inayoitwa UETR.

Kila malipo ya aina hii yanayopita SWIFT yana UETR, namba ndefu ya herufi na tarakimu iliyogawanywa kwa vistari, na haibadiliki kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Benki iliyojiunga na huduma ya ufuatiliaji inaweza kuiingiza na kuona malipo yamefika benki gani na nani amekata nini. Kwa hiyo ukienda benki usiulize "hela yangu imefika?" Sema una UETR, na unaomba kitengo cha malipo ya nje kifuatilie. Mimi ilionekana hela iko New York, haina pa kwenda. Benki ya mtumaji ikatuma marekebisho yenye jina sahihi la benki ya njiani, na zikaingia.

Omba pia nakala ya ujumbe wenyewe wa malipo. Kaunta nyingi bado wanauita MT103, ingawa tangu Novemba 2025 malipo ya kimataifa baina ya benki yamehamia kwenye muundo mpya uitwao pacs.008. Nakala yangu ilikuwa na mistari mingi, lakini hii ndiyo iliyonifungua macho:

```
:32A:250314USD515,00
:33B:USD535,00
:71A:SHA
:71F:USD20,00
```

Mstari wa 33B ni kiasi kilichoagizwa kutumwa: zile 565 zilizorudi, toa ada ya jukwaa ya 30. Mstari wa 71F ni kilichokatwa njiani. Mstari wa 32A ni tarehe, yaani 14 Machi 2025, na kiasi kilichokabidhiwa benki yangu. SHA maana yake gharama mnagawana: mtumaji analipa za kwake, za njiani na za huku zinakuangukia wewe. Kwa hiyo akaunti ikisoma 515 hakuna aliyekuibia. Ikisoma pungufu ya hapo, muulize meneja wa benki yako, si jukwaa, kwa sababu kilichokosekana kimekatwa baada ya benki yako kukabidhiwa.

Sasa yule kijana wa Dodoma. Nilimuomba anitumie picha ya ukurasa wa kutolea hela, na shida yake ilikuwa kinyume cha yangu. Jukwaa lake lina njia mbili. Moja ni dola kwa SWIFT. Nyingine ni "Local transfer": jukwaa linabadilisha dola kwa bei yake, kisha mshirika wao anakuingizia shilingi kutoka benki ya hapahapa nchini. Yeye alichagua hiyo ya pili akaweka akaunti ya dola. Shilingi zimegonga akaunti ya dola zikakataliwa. Hakuna New York hapo, wala UETR ya kutafuta. Anachotakiwa kudai ni namba ya kumbukumbu ya muamala kutoka kwa mshirika aliyelipa. Nilimwambia aache kabisa kwenda tawini kugombana, adai hiyo namba kwanza, kisha abadilishe akaunti iwe ya shilingi kabla hawajatuma tena.

Ndugu zangu, tunafanya kazi nzuri halafu tunakubali kuzungushwa kama watu wanaoomba msaada. Karatasi ya maelekezo idai yenye tarehe ya karibuni, tena kutoka makao makuu, na uliza waziwazi: akaunti hii inapokea dola, au mtazirudisha?

Na piga hesabu kabla ya kuchagua njia. Kwa ada nilizokatwa mimi, 30 za jukwaa na 20 za njiani, anayetoa dola 100 kwa SWIFT anabaki na 50. Anayetoa 1,000 anabaki na 950. Siku hizi hela ndogo nazitoa kwa shilingi, baada ya kulinganisha bei ya jukwaa na bei ya benki ya siku hiyo. Zikijikusanya zikafika 1,000 ndipo nafikiria dola.