Droo isiyopungua hata mia

Nina duka la vyakula na vitu vya nyumbani Tabata, na makeshia wawili wanaopokezana siku. Kwa muda mrefu nilikuwa namsifu mmoja mbele ya mwenzake kwa sababu droo yake haikosei. Mwenzake leo kapungua 400, kesho kazidi 250, nami namkata mshahara. Huyu wangu wa sifa ni sifuri tu.

Anayezijua chenji za Dar angeshtuka mapema. Hamsini hazipatikani, mteja anasamehewa mia au anapewa pipi, mwingine anaacha chenji yake kuwahi daladala. Droo inayopitiwa na watu zaidi ya mia kwa siku haiwezi kulala sifuri siku 11 kati ya 13. Sifuri ya namna hiyo inatoka kwa mtu aliyekwishaona mashine inataka kiasi gani, akaiachia kiasi hicho hicho.

Nikachukua siku yake moja nikaipasua. Mauzo yote yalikuwa 1,286,500. Yaliyofutwa baada ya kulipiwa, 38,500. Waliolipa kwa Lipa Namba, 412,000. Chenji ya kuanzia asubuhi ilikuwa 50,000. Kwa hiyo droo ilitakiwa kuwa na 886,000, na ilikuwa na 886,000 kamili. Mahesabu safi, ila hiyo 38,500 ndiyo iliyonikalisha chini.

Ilikuwa ni risiti tatu: 18,000, 11,500 na 9,000, zote za taslimu, zote zimefutwa kati ya saa 2:05 na saa 2:20 usiku, wakati tunafunga saa 2:30. Mauzo yenyewe yalikuwa ya mchana na jioni. Keshia anayekosea kupiga bei hufuta hapo hapo, mteja akiwa bado amesimama. Sasa huyu usiku anafuta mauzo ya saa 9 mchana, kwa ajili ya nani? Risiti ya 18,000 ilikuwa ya dumu moja la mafuta ya lita 3. Kwa mfumo yalitakiwa kubaki madumu 9 rafuni. Nikahesabu mara mbili: 8. Mteja aliondoka na mafuta yake, na pesa yake ikaondoka na mtu mwingine.

Shahidi wa pili alikuwa mashine ya EFD. Risiti ikishatoka huko haifutiki kwa kubonyeza kitufe kwenye kompyuta ya duka. Ripoti ya Z ya EFD, yaani ile ya kufunga siku, ilisoma 1,286,500, kompyuta 1,248,000. Tofauti ni ile ile 38,500. Lakini kipimo hiki kina kikomo: keshia akijifunza kutotoa risiti ya EFD kwenye mauzo anayopanga kuyafuta, mashine haitasema kitu. Hapo unabaki na rafu tu.

Aliwezaje? Kufuta kulihitaji namba ya siri ya msimamizi, na namba hiyo ilikuwa imebandikwa chini ya kibodi. Pili, alikuwa anachapa ripoti ya X, ile ya kuangalia jumla kabla siku haijafungwa, kabla ya kuhesabu, anaona kinachotakiwa, anachomoa kilichozidi.

Kwa hiyo nilibadilisha mpangilio. Keshia anahesabu kwanza, anaandika noti na sarafu kwa aina zake, anasaini, ndipo msimamizi anachapa Z. Ripoti ya X haifunguki tena kwa keshia. Sikumwambia mtu sababu. Siku yake ya kwanza chini ya utaratibu huu droo ilizidi 21,000. Alikuwa amefuta, lakini hakujua achomoe ngapi. Watu huogopa kupungua. Mimi siku hizi kuzidi ndiko kunakoniamsha.

Bidhaa ikirudishwa, namba ya simu ya mteja inaandikwa kwenye fomu, na sasa kila Ijumaa napiga tatu. Kwenye fomu za zamani, namba mbili zilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi.

Benki nilikuwa mzembe mimi mwenyewe. Pesa ya Jumamosi ilikuwa inafika Jumatano, imechanganywa na ya Jumatatu, na mkate umelipwa humo humo kwenye droo. Ukiacha hivyo, pesa ya leo inaweza kuziba ya juzi na usijue. Sasa kila Z ina hati yake ya benki, kiasi kile kile cha taslimu bila kuzungusha, na nalinganisha na taarifa ya akaunti. Karatasi ya wakala wa benki peke yake siiamini.

Na kukata mshahara kwa kila mia nimeacha. Nilipouliza, yule keshia mwingine, mwaminifu, alinionyesha kopo la sarafu chini ya kaunta: siku ikizidi anaweka humo, ikipungua anatoa, ili nisimkate. Kopo lilikuwa na 3,650. Tukaliingiza kwenye mauzo, nikamwambia sasa apungue tu, aandike.