Kwa nini bei hupanda siku ya kufunguliwa tokeni?

"Kaka, tokeni ikifika tarehe ya kufunguliwa huwa nashoti siku hiyohiyo, na mara tatu sasa bei imenipandia. Kwani mzigo ukiongezeka sokoni bei si inatakiwa kushuka?"

Inashuka, ila wewe unafika wakati wenzako wanafungasha. Tarehe hizo, ambapo tokeni zilizozuiwa huruhusiwa kuuzwa, hutangazwa tangu mradi unaanza, na wanaopokea mzigo mkubwa, yaani wawekezaji wa awali, hawasubiri siku ifike. Mwenye tokeni milioni 10 zilizofungwa anaweza kushoti kiasi hichohicho kwenye fyucha, yaani kuuza kwa mkataba unaompa faida bei ikishuka, wiki kadhaa kabla, na bei yake inakuwa imeshikwa. Siku ya kufunguliwa anauza tokeni halisi na kununua kufunga shoti yake. Mauzo yake na manunuzi yake yanakaribia kufutana, na wewe uliyeshoti asubuhi hiyo unakutana na wanunuzi.

Chukua ARB, tokeni ya mtandao wa Arbitrum. Tarehe 16 Machi 2024 zilifunguliwa tokeni kama bilioni 1.11 za timu na wawekezaji, wakati zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa karibu bilioni 1.275. Ni nyongeza ya asilimia 87 kwa siku moja! Lakini kilele cha bei kilikuwa Januari, juu ya dola 2, na siku yenyewe ilipofika bei ilikuwa imeshateremka chini ya hapo. Iliendelea kushuka hadi Aprili, ingawa lawama zote si za mzigo: Bitcoin nayo ilikuwa imegonga kilele tarehe 14 Machi, na soko zima likapoa.

Utajuaje kwamba wameshashoti? Tazama fandingi, yaani malipo ambayo walioshoti na walionunua fyucha hulipana kila baada ya saa chache. Ikiwa hasi huku mikataba iliyo wazi ikiongezeka, upande wa shoti umejaa, na wewe ndiye unayelipa. Tuseme ni -0.05% kila baada ya saa 8: kwa shoti ya dola 1,000 unatoa dola 1.50 kwa siku, dola 21 kwa wiki mbili, bei ikiwa imesimama palepale. Hapo mimi siingii. Fandingi ikiwa bado karibu na sifuri wiki tatu au nne kabla, naingia kidogo, na natoka siku moja au mbili kabla ya tarehe.

Siku ya kuorodheshwa mambo ni tofauti. ARB ilipoanza kuuzwa tarehe 23 Machi 2023, tokeni bilioni 1.162 zilikuwa zimetengewa watumiaji bure. Mtu wa kawaida aliyepewa bure hana shoti ya kujikinga. Akishazipokea anauza palepale. Kwa hiyo dakika za mwanzo, wakati wengi bado wanahangaika kuzichukua, bei huruka juu kwa oda chache tu, kisha mzigo unafika. Usinunue mruko huo, na usiushoti pia: pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza litakula faida yako kabla hujajua umeingia wapi.