Mwanaume kuota matiti: maswali yenu ya wiki hii

Dokta, mwanangu wa kiume ana miaka 14, nyuma ya chuchu ya kushoto kuna kitu kama kifungo, kinauma akiguswa. Shuleni wanamcheka. Ni ugonjwa?

Hapana mama, hiyo ni balehe. Homoni ya kike kila mvulana anayo kidogo, na umri huo ya kiume inakuwa bado haijakolea vizuri, basi titi linaitikia. Usishangae la kulia nalo likifuata. Kwa wengi linanywea lenyewe ndani ya miezi 6 mpaka miaka 2, kwa hiyo vipimo vya nini, na tafadhali msilikande wala kulibinya kila siku, mtamuumiza bure. Mleteni kama linakua kwa kasi, limepita miaka 2, au kuna uvimbe kwenye korodani. Na walimu wakemee hao wanaomcheka, kwa kweli hilo linaniuma kuliko titi lenyewe.

Nina miaka 38 na kitambi, kifua kimejaa. Nitajuaje kama ni mafuta tu?

Lala chali kaka, weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za titi halafu visogeze taratibu kuelekea chuchu. Vikikutana bila kugusa kitu, ni mafuta. Ukikuta kisahani kinachonesa kama mpira chini ya chuchu, hiyo ni tezi.

Baba yangu ana miaka 61, tangu aanzishiwe dawa za moyo matiti yote mawili yamevimba na yanauma. Aache dawa?

Asiache mwenyewe jamani, moyo utazidiwa! Ila mbebeeni dawa zake zote kwenye mfuko, na za mitishamba pia, aende nazo kliniki. Mimi ningeanza kutafuta spironolaktoni, ile ya kupunguza maji mwilini, maana inazuia homoni ya kiume isifanye kazi yake. Nilikuwa na mzee wa hivyohivyo, tulimbadilishia tukampa eplerenoni ambayo mara nyingi haina shida hiyo, maumivu yakaisha ndani ya wiki chache na uvimbe ukapungua polepole. Efavirenzi ya wanaotumia ARV nayo huleta hivi. Msikae sana lakini, uvimbe ukipita mwaka tezi inageuka kama kovu, hapo hata mkibadilisha dawa haurudi wote, inabaki upasuaji. Kama kwenye dawa hakuna cha kulaumu, ndipo wapime ini, figo, homoni, na wamkague korodani, na kama anakunywa pombe sana aseme ukweli.

Mimi ni upande mmoja tu, kigumu, hakiumi, kiko pembeni ya chuchu. Nina miaka 57.

Wewe usisubiri, nenda wiki hii. Saratani ya matiti kwa wanaume ni nadra lakini ipo, na ndivyo inavyojitokeza: kigumu, pembeni, hakiumi, pengine chuchu imeingia ndani, inatoa damu au kuna tezi kwapani. Utafanyiwa mamografia au altrasaundi, halafu wachukue kinyama kidogo kwa sindano wakipime. Ukiambiwa ni mafuta bila mtu kukugusa, omba daktari mwingine.