Kabla ya kutia saini fomu ya fidia ya ardhi

Barabara au mgodi unapokuja, watu wengi hujiandaa kwa siku ya malipo. Siku ya kuwa macho zaidi ni ile ambayo mthamini anaingia shambani na fomu. Kisichoandikwa siku hiyo ni vigumu kukirudisha baadaye, maana zoezi hilo huambatana na tarehe ya ukomo, na mali inayoongezwa baada ya tarehe hiyo kwa kawaida hailipwi. Basi tembea na mthamini hatua kwa hatua. Taja kisima, choo, uzio, makaburi, njia ya maji na miche ambayo haijaanza kuzaa. Piga picha ya kila ukurasa ukishajazwa, na sehemu zilizobaki wazi zipigwe mstari kabla hujasaini.

Kipimo cha kudai ni gharama kamili ya kurejesha mali. Ndicho kilichomo katika Kiwango cha Utendaji namba 5 cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) cha mwaka 2012, ambacho kampuni nyingi hulazimika kukifuata zinapokopa kwenye mabenki makubwa. Maana yake ni bei ya soko pamoja na gharama za kuipata mali nyingine, kama vile usafirishaji na usajili, na nyumba haikatwi uchakavu. Hilo la uchakavu lisimamieni kwa nguvu. Nyumba ya miaka 10 ikikatwa asilimia 30, mwenye nyumba hawezi kujenga tena, kwa sababu dukani hakuna bati la bei ya uzee. Uliza wazi: "Kiasi hiki kimekatwa uchakavu?" Jibu liandikwe.

Kwenye miti ndipo watu hupunjwa bila kujua. Chukua mti wa matunda unaotoa magunia 4 kwa mwaka. Jedwali la kampuni likiulipia mavuno ya msimu mmoja, umelipwa magunia 4. Sasa hesabu muda wa kuukuza mwingine. Tuseme mche hauzai kitu miaka 4 ya mwanzo, mwaka wa 5 unatoa gunia 1, wa 6 magunia 2, wa 7 magunia 3, na wa 8 unafikia 4. Miaka 4 ya mwanzo umekosa magunia 16, na miaka 3 inayofuata umekosa 3, 2 na 1. Jumla ni magunia 22. Toa gharama za kuvuna, kisha ongeza mche, mbolea, uchimbaji wa shimo na umwagiliaji. Hesabu ya namna hii, ikiwa na bei za magunia zilizokusanywa sokoni na wanakijiji wenyewe, mthamini hawezi kuipuuza kirahisi. Malalamiko ya "fidia ni ndogo" yasiyo na hesabu huishia kwenye kumbukumbu za kikao.

Angalieni pia kinachobaki. Shamba la mita 100 kwa 80 likipitiwa kwa urefu wake na mkuza, yaani ukanda unaotwaliwa kwa ajili ya barabara, wenye upana wa mita 60, huchukuliwa mita za mraba 6,000 kati ya 8,000. Lakini zile 2,000 zinaweza kubaki vipande viwili, kimoja cha upana wa mita 14 na kingine cha mita 6 ng'ambo ya barabara, pasipo kivuko. Kile cha mita 6 hakilimiki tena kwa faida. Ombeni kwa maandishi kilipwe chote, kabla ramani ya mwisho haijapitishwa.

Kuhusu ridhaa, karatasi ya mahudhurio ndiyo yenye hatari kubwa. Majina yaliyoandikwa kwa ajili ya posho au soda huja kuonyeshwa kama ushahidi kwamba kijiji kilikubali. Juu ya kila ukurasa andikeni: "Mahudhurio tu, si makubaliano." Ridhaa ya kweli huhitaji taarifa kwa lugha inayoeleweka, ramani ya kubaki kijijini, muda wa watu kujadiliana bila kampuni wala askari kuwepo, na nafasi ya kukataa au kupendekeza njia nyingine. Mke na mume wasaini wote wawili, la sivyo shamba analolilima mwanamke litalipwa kwenye akaunti asiyoijua.

Ukweli usiofichwa ni kwamba sheria za nchi nyingi huipa serikali uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma hata mwenye nayo akikataa. Hapo bado mnaweza kujadili mstari wa mkuza, viwango, shamba kwa shamba badala ya fedha, na tarehe ya malipo. Tarehe msiiache wazi. Bei zilizokusanywa leo zikilipwa baada ya miaka 2, bati na saruji vimeshapanda. Wekeni kifungu kwamba malipo yakipita miezi mliyokubaliana uthamini unarudiwa, na kwamba hakuna tingatinga litakaloingia shamba la mtu kabla fedha zake hazijaingia.