Peasi la mvuke, kikohozi, na zile elementi tano za Wachina

Mwaka wangu wa kwanza Beijing nikisoma, mwezi wa kumi ukaingia na kikohozi kikavu, koo kama limekwanguliwa na msasa, midomo inapasuka. Bibi mmoja jirani aliyewahi kufanya kazi duka la mitishamba akanisikia kwenye ngazi, nikajua ataniuliza kama nina homa, kumbe anauliza kama siku hizi nalia lia. Nikabaki kumkodolea macho maana kweli nilikuwa nimekumbuka nyumbani vibaya sana.

Akanielezea hivi. Kwao elementi ni mbao, moto, udongo, chuma na maji, sio zile nne tulizozoea kwenye mambo ya nyota. Vuli yao, majani yanapopukutika, ni msimu wa chuma, chuma kinashika mapafu na ngozi, na hisia yake ni huzuni. Mbao ni ini, hasira na msimu majani yanapochipua, moto ni moyo, furaha na joto kali, maji ni figo, woga na baridi. Udongo ni wengu na mtu wa kuwaza waza, wengine wanaupa mwisho wa kiangazi, wengine wanaukatia siku 18 za mwisho wa kila msimu ili kila elementi ipate siku 72.

Dawa yenyewe: peasi moja kubwa, kata juu kama kifuniko, toa mbegu, tia vibonge viwili vitatu vya sukari ya mawe, funika, weka kwenye bakuli uchemshe kwa mvuke kama dakika 40 mpaka lilainike, kula na ule mchuzi wake. Koo lilitulia aisee.

Sasa nikajifanya mganga. Rumeti wangu naye anakohoa, ila chake kina makohozi meupe na anatetemeka baridi, nikampa peasi, usiku kucha anaenda chooni na kifua kimezidi. Bibi akanigombeza, peasi ni la ubaridi, linafaa kikavu tu! Na Mhindi angenicheka pia, maana tano zao ni udongo, maji, moto, hewa na anga, hakuna mbao wala chuma, na makohozi kwao ni kafa, yaani aina ya mwili ya udongo na maji, mtu mzito mpole asiye na haraka, utamu unamuongezea, wao wanampa tangawizi na pilipili manga. Kwa hiyo usichukue chati ya huku ukabandika kule.

Kingine, ukiambiwa "figo zako dhaifu" usikimbie kuandika wosia, figo ya kwenye chati hiyo inabeba mifupa, masikio na woga, sio ile ya kipimo cha maabara. Ila kikohozi kikifika wiki mbili wewe nenda hospitali ukapimwe TB, peasi utakula ukirudi.