Barua ya benki hujibu swali lililoulizwa: kwa wanaofungua akaunti ya mali kauli

Ukiajiriwa kwenye ofisi ya hesabu ya kampuni ndogo, haitachukua muda kabla hujatumwa kwenda benki kuomba barua, kwa sababu kuna msambazaji amekubali kuwapa mzigo kwa mkopo ila anataka kwanza benki yenu iseme neno. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, upande wa msambazaji, nikizisoma barua hizo na kuamua nani apewe mzigo na kwa kiasi gani. Mengi yanayoharibika huharibika kabla benki haijaandika hata herufi moja. Huharibikia kwenye swali.

Barua ambayo haikuulizwa chochote huwa na maneno manne matano: kampuni fulani ni mteja wetu tangu mwaka fulani, akaunti yake inaendeshwa vizuri, tunamtakia kila la heri. Kwa afisa wa mikopo barua hiyo inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba akaunti ipo. Haisemi kama mteja anaweza kubeba deni nitakalompa. Ili benki iseme hivyo ni lazima iulizwe kwa kiasi na kwa masharti: deni la shilingi ngapi, na litalipwa baada ya muda gani. Na hapo kwenye kiasi ndipo wageni wengi hukosea hesabu.

Chukua kampuni ndogo ya uchapishaji inayonunua karatasi za 1,500,000 kila wiki, yaani kama 6,000,000 kwa mwezi. Msambazaji anatoa masharti ya siku 30 baada ya mwisho wa mwezi, kwa maana kwamba ankara zote za mwezi wa kwanza zinakusanywa kwenye taarifa moja, na taarifa hiyo inalipwa mwisho wa mwezi wa pili. Karani anaandika kwenye ombi lake 6,000,000, kwa kuwa ndiyo matumizi ya mwezi. Benki inajibu vizuri, msambazaji anaweka ukomo wa 6,000,000, kila mtu anafurahi. Wiki ya tano gari linakwenda kuchukua karatasi na linarudi tupu. Ukomo umejaa tangu wiki ya nne, na malipo ya kwanza hayajafika wakati wake. Hakuna aliyechelewa kulipa, wala hakuna aliyedanganya. Kwa masharti yale, siku ya mwisho ya mwezi wa pili, kabla malipo hayajaingia, kampuni inadaiwa mzigo wa miezi miwili mizima. Ukomo waliouhitaji ulikuwa 12,000,000.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalamu, chora kalenda ya miezi miwili, andika kila ankara siku itakayotoka na siku itakayolipwa, kisha tafuta siku ambayo deni litakuwa kubwa kuliko siku zote. Kiasi cha siku hiyo ndicho kinachoulizwa benki. Swali lenyewe liandikwe wazi, kwa mfano hivi: "Je, kwa maoni yenu, kampuni hii inaweza kubeba deni la biashara lisilozidi 12,000,000 kwa wakati mmoja, likilipwa kwa mafungu ya kama 6,000,000 kila mwisho wa mwezi, siku 30 baada ya taarifa ya mwezi?" Sehemu ya pili ya swali ina uzito sawa na ya kwanza. Benki ikisoma 12,000,000 peke yake huweza kudhani mnataka kulipa zote kwa mpigo, na jibu lake litapoa.

Sasa jiulize afisa wa benki atajibu kwa kutazama nini. Hatakuja dukani kwenu kuhesabu wateja. Atafungua akaunti yenu na kutazama pesa zinazoingia kila mwezi, salio linashuka hadi wapi kabla halijapanda tena, kama kuna hundi iliyorudi au agizo la malipo lililokwama kwa kukosa fedha, na kama mkopo wowote mlio nao hapo unalipwa kwa wakati. Basi. Kisichopita kwenye akaunti ile, kwake hakipo. Yule mchapishaji wetu alikuwa akiuza 16,000,000 kwa mwezi, lakini 9,000,000 tu ndizo zilizofika benki. Zilizobaki ziliingia kwenye akaunti ya simu na kulipia mafuta, vibarua na vifaa vidogo moja kwa moja. Afisa anaona 9,000,000 zinaingia, na anaulizwa kuhusu kampuni itakayobeba deni la 12,000,000 na kulipa 6,000,000 kila mwezi kwa msambazaji mmoja, huku kodi na mishahara vikitoka hapo hapo. Hata akiwapenda vipi, hawezi kuandika jibu lenye nguvu.

Jibu la namna hiyo halisemi "hapana". Benki hazisemi hapana kwenye barua hizi, na ni muhimu sana mgeni ajifunze kulijua hilo mapema. Kuna desturi ya zamani ya maneno yenye ngazi, iliyokomaa kwenye benki za Uingereza na kuenea kwingi. Ngazi ya juu kabisa inasema hakuna shaka yoyote juu ya mteja. Inayofuata inasema mteja anahesabiwa kuwa mwema kwa kiasi mlichotaja, na hili ni jibu zuri ambalo kampuni ndogo inapaswa kuridhika nalo. Chini yake kuna "anatarajiwa kuwa mwema kwa kiasi chenu", ambapo neno la kutarajia tayari limepunguza kitu. Halafu zinakuja sentensi ambazo kwa sikio la mgeni ni za adabu tu: mtaji wake unaonekana kutumika wote; hatudhani angeingia kwenye ahadi asiyoiona njia ya kuitimiza; kiasi mlichotaja ni kikubwa kuliko tulichozoea kukiona. Nikiona mojawapo ya hizo, ninajua benki inaniambia nipunguze au niache.

Hiyo ya mwisho ina historia. Mwaka 1958 wakala wa matangazo wa London, Hedley Byrne, aliuliza kupitia benki yake kama mteja wake Easipower angeweza kuaminiwa kwa mkataba wa matangazo wa paundi 100,000 kwa mwaka. Benki ya Easipower, Heller & Partners, ilijibu kwamba kampuni ilikuwa ya heshima na ilihesabiwa kuwa nzuri kwa shughuli zake za kawaida, kisha ikaongeza kwamba kiasi kilichotajwa kilikuwa kikubwa kuliko walichozoea kukiona. Wakala akaendelea na mkataba. Easipower ikafilisika, na wakala akapoteza zaidi ya paundi 17,000. Alishitaki hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, na hukumu ya mwaka 1963 ikasema benki ingeweza kuwajibika kwa maoni yaliyotolewa kwa uzembe, lakini katika kesi hii ilisalimika kwa sababu barua yake ilisema wazi kwamba imetolewa bila kuwajibika kwa upande wa benki na maofisa wake. Tangu hapo usishangae kuikuta sentensi hiyo chini ya barua yenu. Haina ubaya kwenu. Benki inatoa maoni, na haijaahidi kulipa deni lenu. Msambazaji akitaka ahadi ya kulipwa ataomba dhamana ya benki, na hiyo ni hati nyingine, ina gharama nyingine na mara nyingi inadai rehani.

Turudi kwa mchapishaji. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mauzo yote kwenye akaunti ya benki kwa miezi mitatu hadi sita, kisha kuomba barua kwa kiasi kile kile. Ni njia nzuri, na kwa kampuni isiyo na haraka ndiyo ningeishauri. Ya pili ni kubadilisha masharti. Badala ya siku 30 baada ya mwisho wa mwezi, aliomba siku 14 tangu tarehe ya kila ankara. Kwa mzigo ule ule wa 1,500,000 kila wiki, zinakuwepo ankara mbili ambazo hazijalipwa, na ya tatu ikitoka kabla malipo ya ya kwanza hayajathibitishwa, deni linafika 4,500,000. Hapo ndipo linapokoma. Swali lililokwenda benki likawa la 4,500,000, likilipwa 1,500,000 kila wiki, na kwa akaunti inayoingiza 9,000,000 kwa mwezi afisa aliweza kusema mteja ni mwema kwa kiasi hicho. Karatasi ni zile zile na mashine haikusimama. Alichopoteza ni wiki kadhaa za kukaa na pesa ya msambazaji mkononi, na hilo aliliona mapema, kwa hiyo alianza kudai malipo ya awali kwa kazi kubwa.

Yaliyobaki ni ya utaratibu, ila yanachelewesha watu wengi. Benki hairuhusiwi kumsemea mteja ovyo. Itadai idhini ya maandishi, na saini ziwe za watu walioidhinishwa kwenye akaunti: ikiwa akaunti inaendeshwa na saini mbili, mbili zote. Jina liwe lile la usajili, herufi kwa herufi. Kama dukani mnajulikana kwa jina la biashara na akaunti iko kwa jina la kampuni, yaandikeni yote mawili kwenye ombi na mueleze uhusiano wake, vinginevyo barua itanifikia ikimzungumzia mtu nisiyemjua, na faili litakaa chini ya mengine. Ulizeni pia ada ni kiasi gani na itakatwa akaunti ipi, kwa sababu ombi hukwama kwa ada ambayo hakuna aliyeikubali.

Barua iende kutoka benki moja kwa moja kwa msambazaji, ikitaja jina la msambazaji huyo. Barua iliyobebwa na mteja mkononi, iliyoandikwa kwa yeyote anayehusika, mimi huirudisha benki kuulizia kama kweli ni yao, na hapo siku zinapotea. Iombwe pia karibu na siku ya kuwasilisha fomu. Wasambazaji wengi hawapokei barua iliyopita miezi mitatu, maana hali ya akaunti hubadilika.

Na likija jibu dhaifu, mpigie simu afisa wa mikopo wa msambazaji kabla yeye hajakupigia. Mwambie mnajua kiasi kilikuwa kikubwa kwa akaunti ile, eleza mauzo mengine yanapita wapi na mletee taarifa zake za miezi sita, toa majina ya wasambazaji wawili mnaowalipa tayari kwa mkopo, halafu pendekeza ukomo mdogo utakaotazamwa upya baada ya miezi mitatu ya malipo. Mimi nimefungua akaunti nyingi kwa njia hiyo, na nyingi kati yake zina ukomo mkubwa leo kuliko ule ulioombwa mwanzo.