Pesa imeshikiliwa, gari halichaji

"Nimeskani QR, benki imeshikilia euro 50, lakini chaji haikuanza. Zimeliwa?"

Hazijaliwa, ndugu. Benki ikishakubali kuzishikilia, seva ya kituo huitumia chaja amri ya kuanza kuchaji, `RemoteStartTransaction`. Chaja ikijibu `Accepted`, imekubali kujaribu tu, umeme bado. Inasubiri uchomeke kebo ndani ya muda uliowekwa kwenye `ConnectionTimeOut`, tuseme sekunde 60. Ukichelewa (na kebo zenyewe nzito!), inarudi hali ya `Available`, yaani iko huru, na taarifa ya `StartTransaction`, ya kwamba kuchaji kumeanza, haitumwi kabisa, kwa hiyo hakuna cha kukutoza. Pesa zitaachiwa, ingawa benki nyingine huchukua siku kadhaa. Siku nyingine chomeka kwanza, ndipo uskani. Ukitumia umeme wa euro 18, zitakatwa hizo tu, na 32 zilizobaki zitaachiwa.